Dakika Kumi Zilizoangusha Bei: Jinsi Soko la Hisa Linavyopata Bei ya Kwanza na ya Mwisho

Jumatatu ya Machi 9, 2009, biashara ya kawaida katika Soko la Hisa la Hong Kong ilipokoma saa kumi kamili jioni, hisa moja ya benki ya HSBC ilikuwa dola 37.60 za Hong Kong. Dakika kumi baadaye soko likaandika kwamba HSBC imefunga siku kwa dola 33. Hapo katikati hapakuwa na bei zilizoshuka hatua kwa hatua, 37, kisha 36, kisha 35. Palifanyika mnada mmoja uliotoa bei moja, na kwa bei hiyo zaidi ya asilimia 12 ya thamani ya mojawapo ya benki kubwa katika soko lile ikaondoka kwa mkupuo. Wiki mbili baadaye soko lilisimamisha mnada huo wa jioni, na ikapita miaka saba kabla ya kuurudisha.

Mnada wa namna hiyo hufanyika karibu kila siku ya kazi katika masoko makubwa ya hisa duniani, mara nyingi mara mbili: asubuhi wa kufungua soko, jioni wa kulifunga. Bei tunayosomewa kwenye taarifa ya habari, kwamba kampuni fulani imefunga siku kwa kiasi fulani, kwa kawaida imetoka huko. Wengi hudhani ni bei ya muuzaji na mnunuzi waliokubaliana wa mwisho kabla ya kengele. Ingekuwa hivyo, mtu yeyote mwenye haraka angeweza kununua hisa kumi katika sekunde ya mwisho na kuipangia kampuni nzima thamani yake ya siku. Mnada uliwekwa kuzuia hilo, na yaliyoikuta HSBC yanaonyesha kwamba mnada wenyewe nao una mlango wake wa nyuma usipofungwa.

Tuanze asubuhi, maana huko sababu ya mnada inaonekana kwa urahisi zaidi.

Mchana soko linapokuwa wazi, oda huwa zinakutana moja moja. Mtu anataka kununua kwa 100, mwingine yuko tayari kuuza kwa 100, kompyuta ya soko inawaunganisha papo hapo na bei ya 100 inatangazwa. Utaratibu huo unafaa pale ambapo oda zimejipanga pande zote mbili: wanunuzi wengi wamekaa chini kidogo ya bei ya sasa, wauzaji wengi wamekaa juu kidogo, na anayeingia na oda mpya anakutana na bei iliyo karibu. Asubuhi hali si hiyo. Usiku kucha kampuni zimetoa taarifa za faida, benki kuu zimesema yake, mafuta yamepanda au yameshuka, na kila mwenye hisa ameamka na maoni yake. Orodha ya oda ni tupu au karibu tupu. Soko likifunguliwa hivyo hivyo, oda ya kwanza ya kununua itakutana na muuzaji wa kwanza atakayetokea, hata kama anataka bei ya ajabu, na bei hiyo ya ajabu ndiyo itakayokuwa bei ya kwanza ya siku.

Kwa hiyo soko huwakusanya watu kwanza. Kwa kipindi fulani kabla ya saa ya kufungua, oda zinapokelewa lakini haziunganishwi. London kipindi hicho huanza saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi na kuishia saa mbili. Nairobi huanza saa tatu, na biashara ya mfululizo huanza saa tatu na nusu. Muda huo ukiisha, oda zote hutazamwa kwa pamoja na kutafutiwa bei moja.

Huu si mnada kama wa ng'ombe, ambako muuzaji ni mmoja na wanunuzi wanapandishiana hadi abaki mmoja. Hapa wauzaji ni wengi na wanunuzi ni wengi, hakuna anayepiga kelele, na wote wanaofanikiwa hupata bei ile ile. Kanuni ya msingi ni moja: bei ya mnada ni ile itakayowezesha hisa nyingi zaidi kubadilisha mikono.

Tuchukue kampuni ya kubuni ambayo jana ilifunga kwa shilingi 100, tuone namna kompyuta inavyofanya kazi. Kwa upande wa kununua zimekusanyika oda za hisa 300 kwa bei yoyote itakayotokea. Wapo wanaotaka hisa 200 mradi bei isizidi 103, wengine 400 isizidi 102, wengine 500 isizidi 101, na wengine 600 isizidi 100. Chini kabisa kuna mtu anayetaka hisa 300 lakini hatoi zaidi ya 97. Huyo amejiwekea tu, akisubiri bahati. Kwa upande wa kuuza kuna hisa 200 za bei yoyote, 300 za wasiokubali chini ya 99, 300 za wasiokubali chini ya 100, 400 za 101, 500 za 102 na 400 za 103.

Sasa kompyuta inaijaribu kila bei. Bei ikiwa 100, wanunuzi walio tayari ni wa hisa 2,000: wale wa bei yoyote, wa 103, wa 102, wa 101 na wa 100. Lakini wauzaji walio tayari kwa bei hiyo wana hisa 800 tu, kwa hiyo zitakazouzwa ni 800. Bei ikipanda hadi 101, wa 100 wanajitoa na wanunuzi wanabaki na hisa 1,400, huku wauzaji wakiongezeka hadi 1,200. Hapo zinauzwa 1,200. Ikipanda hadi 102, wauzaji wana 1,700 lakini wanunuzi wamebaki na 900, basi zinauzwa 900. Ikifika 103 zinauzwa 500. Hakuna bei inayouza hisa nyingi kuliko 101, na 101 ndiyo bei ya kufungulia.

Mnunuzi aliyeandika 103 halipi 103. Analipa 101 kama wenzake. Muuzaji aliyeandika 99 naye anapokea 101. Wa bei yoyote na walioandika bei nzuri zaidi huhudumiwa kwanza, hivyo wanunuzi wa bei yoyote, wa 103 na wa 102 wanapata hisa zao zote 900. Zinabaki 300 za kugawiwa wale wa 101 waliotaka 500, na hisa 200 walizozikosa zinabaki kwenye orodha zikisubiri biashara ya mchana. Pengo hilo la 200 lina jambo la kutuambia: kwa bei ya 101, wenye hamu ya kununua walikuwa wengi kidogo kuliko wenye hamu ya kuuza. Ikitokea bei mbili zinauza hisa sawa kabisa, masoko mengi huchagua yenye pengo dogo zaidi, na zikilingana hata hapo, huchagua iliyo karibu zaidi na bei iliyotangulia.

Muda wote oda zinapokusanyika, soko hutangaza bei ambayo mnada ungetoa kama ungefanyika sekunde ile, pamoja na wingi wa hisa na pengo lililopo. Tangazo hilo linastahili uangalifu wetu kuliko hesabu yenyewe. Hesabu ni rahisi, mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya kwa kalamu. Mnada hutoa bei nzuri kwa sababu watu wanaiona bei inakoelekea na wanapata nafasi ya kujibu.

Mnada wa asubuhi usipofanyika kabisa, matokeo yake yalionekana New York mnamo Januari 24, 2023. Soko la Hisa la New York lina mfumo wa akiba Chicago, wa kutumika kama mfumo mkuu ukipata maafa. Asubuhi ile, kwa kosa la kibinadamu katika kuandaa mfumo huo wa akiba, kompyuta za soko zilianza kazi saa tatu na nusu zikiamini kwamba mnada wa kufungua ulikuwa umeshafanyika. Kwa hisa za kampuni zaidi ya 250, zikiwemo Walmart, McDonald's na benki ya Wells Fargo, biashara ya mfululizo ikaanza bila bei ya kufungulia. Oda zilizokuwa zikingoja mnada zikaanza kukutana moja moja na chochote zilichokikuta. Bei zikaruka juu na chini ndani ya dakika chache, na vizuizi vinavyosimamisha hisa iliyoyumba kupita kiasi vikasimamisha makumi ya hisa. Baadaye soko likafuta maelfu ya biashara zilizofanyika kwa bei za namna hiyo.

Kampuni zenyewe hazikuwa zimebadilika. Walmart ilikuwa na maduka yale yale, na wanunuzi na wauzaji wa hisa zake walikuwepo kwa wingi asubuhi ile. Kilichokosekana ni hatua ya kuwaweka pamoja kabla ya kuwauliza bei.

Jioni mambo huwa mazito zaidi, kwa kuwa bei ya kufunga hutumiwa na watu ambao hata hawakufanya biashara siku hiyo. Mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama ile ambayo Watanzania wengi hununua vipande vyake, hupima mali zake kwa bei za kufunga ili kujua kipande kimoja kina thamani gani. Benki iliyokopesha kwa dhamana ya hisa huangalia bei ya kufunga kujua kama dhamana bado inatosha. Na faharasa za soko, zile namba zinazotangazwa kila jioni kuonyesha soko zima limepanda au limeshuka, hufungwa kwa bei hizo hizo.

Wapo wanaolazimika kununua au kuuza kwa bei ya kufunga yenyewe, nao ni mifuko inayofuata faharasa. Kazi ya mfuko wa namna hiyo ni kushika hisa zilizomo kwenye faharasa kwa uzito ule ule, wala hautakiwi kushindana na soko. Kampuni mpya ikiingizwa kwenye faharasa kwa bei ya kufunga ya siku fulani, meneja wa mfuko anayenunua saa sita mchana kwa bei tofauti atakuwa ameachana na faharasa yake, na atatakiwa kujieleza. Njia yake salama ni mnada wa kufunga. Tesla ilipotangazwa kwamba ingeingia katika faharasa ya S&P 500 kabla ya soko kufunguliwa Jumatatu ya Desemba 21, 2020, kila mfuko unaoifuata faharasa hiyo ulijua lazima uwe na hisa za Tesla kufikia jioni ya Ijumaa ya tarehe 18. Siku hiyo zilibadilishana mikono zaidi ya hisa milioni 200, na Tesla ikafunga kwa dola 695, bei ya juu kabisa ya siku nzima.

Mifuko ya aina hiyo imekua sana, na mnada wa jioni umekua pamoja nayo. Katika masoko makubwa ya Ulaya, sehemu ya tano au hata zaidi ya biashara ya siku hufanyika katika mnada huo mmoja. Kuna hatari ndani yake. Meneja anayejua jioni kuna watu wengi husubiri jioni, na kila anayesubiri huufanya mchana kuwa mkavu zaidi kwa aliyebaki. Binafsi naliona jambo hilo si la kupuuzwa: bei inayopatikana mara moja kwa siku mbele ya umati haiwezi kufanya kazi ya bei inayopimwa saa baada ya saa habari zinapoingia.

Sasa turudi kwenye mfano wetu tuone mlango wa nyuma uko wapi. Chukua orodha ile ile ya oda, lakini fikiria ni mnada wa jioni. Ubao unaonyesha bei inayotarajiwa ni 101, na kila mtu ameridhika. Zimebaki sekunde mbili. Inaingia oda moja ya kuuza hisa 2,000 kwa bei yoyote.

Wauzaji wa bei yoyote sasa wana hisa 2,200. Kwa bei ya 100, wanunuzi wote walio tayari ni wa hisa 2,000, basi haziwezi kuuzwa zaidi ya hizo. Ni hivyo hivyo kwa 99 na kwa 98, kwa sababu hakuna mnunuzi mpya anayeingia katikati hapo. Lakini bei ikishuka hadi 97 anaamka yule aliyekuwa akisubiri bahati, wanunuzi wanafika 2,300, na hisa zote 2,200 zinauzika. Bei inayouza hisa nyingi zaidi ni 97, na kompyuta haina huruma wala mashaka: kampuni imefunga kwa 97. Kanuni imefuatwa barabara. Ila wanaoamini kwamba hisa hii ina thamani ya 100, ambao wangefurahi kuinunua kwa 99, hawakupata hata nafasi ya kuinua mkono.

Mnada wa Hong Kong ulikuwa umeanzishwa Mei 2008. Ulichukua dakika kumi baada ya saa kumi jioni, na ulikuwa na kasoro mbili zilizokutana siku ile ya Machi. Ya kwanza, kila mtu alijua unaisha lini hasa, kwa hiyo aliyetaka kuingia na oda kubwa dakika ya mwisho aliweza kupanga muda wake. Ya pili, hapakuwa na mpaka unaozuia bei ya mnada kwenda mbali na bei ya biashara ya mchana. HSBC nayo ilikuwa na hali yake. Wiki moja kabla ilikuwa imetangaza kuwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa bei ya chini sana, dola 28 za Hong Kong kila moja, na dunia ilikuwa katikati ya msukosuko wa mabenki. Siku nzima hisa hiyo ilikuwa ikishuka. Ijumaa ilikuwa imefunga kwa dola 43.50. Hofu ya kweli ilikuwepo, na sitaki msomaji adhani kwamba kila senti iliyopotea siku ile ilitokana na mnada. Lakini tofauti kati ya 37.60 na 33 ilizaliwa ndani ya mnada, na kesho yake hisa ikapanda tena kwa kiasi kikubwa.

Kuanzia Machi 23, 2009, Hong Kong ikarudi kwenye njia yake ya zamani ya kupata bei ya kufunga. Katika dakika ya mwisho ya biashara, soko huchukua bei mara tano, kila baada ya sekunde 15, kisha huzipanga kwa ukubwa na kuchagua ya katikati. Oda moja ya ghafla haiwezi kuivuruga, maana inagusa labda bei moja kati ya tano. Ila njia hiyo inapima bei tu, haimuuzii mtu kitu. Meneja wa mfuko wa faharasa anayehitaji hisa milioni moja kwa bei ya kufunga hawezi kuzipata, kwa sababu bei hiyo hujulikana biashara ikiwa imeshakwisha. Mifuko mikubwa ililalamika kwa miaka mingi.

Mnada uliporudi Julai 2016, ulikuwa umejengwa upya, na kila kipande chake kipya kinajibu kitu kilichotokea 2009. Dakika ya kwanza baada ya saa kumi hutumika kuweka bei ya rejea, ile ile ya katikati ya bei tano. Halafu dakika tano za kuingiza oda, ambazo hazikubaliwi zikiwa zaidi ya asilimia 5 juu au chini ya bei ya rejea. Kwa HSBC ya siku ile, bei ya rejea ikiwa karibu 37.60, mnada usingeweza kushuka hata hadi dola 35. Kuanzia saa kumi na dakika sita, oda iliyoingia haiwezi kufutwa wala kubadilishwa, na oda mpya lazima iwe ndani ya upana mdogo zaidi, kati ya oda bora ya kununua na oda bora ya kuuza zilizokuwepo. Hilo linamzuia mtu anayeweka oda kubwa ya kuwatisha wengine kisha kuiondoa dakika ya mwisho. Mwisho, kati ya saa kumi na dakika nane na saa kumi na dakika kumi, mnada hukatwa wakati wowote ambao kompyuta imeuchagua bila mpango. London pia hukata minada yake kwa namna hiyo, ndani ya sekunde 30 za nasibu. Anayengoja sekunde ya mwisho hajui sekunde ya mwisho ni ipi, kwa hiyo akitaka oda yake iingie lazima aiweke mapema, na akiiweka mapema wengine wanaiona.

Nasema kuiona ndiko kunakoponya kwa sababu mfano wetu unaonyesha hivyo. Mwache yule muuzaji wa hisa 2,000 aingie zikiwa zimebaki dakika mbili badala ya sekunde mbili. Ubao unaonyesha bei inayotarajiwa imeshuka hadi 97. Wanaoiona hisa kuwa na thamani ya 100 wanaingia na oda za kununua hisa 1,000 wasizidishe 99. Kwa 99 sasa wanunuzi wana hisa 3,000 na wauzaji 2,500, hivyo zinauzwa 2,500, nyingi kuliko 2,200 za bei ya 98 au 2,000 za bei ya 100. Soko linafunga kwa 99. Muuzaji mkubwa amelipia haraka yake kwa shilingi mbili chini ya 101, jambo la haki kabisa, na wala si shilingi nne.

New York imeifuata hoja hiyo hiyo kwa njia nyingine. Katika Soko la Hisa la New York, anayetaka kuuza au kununua kwa bei yoyote ya kufunga anatakiwa awe ameingiza oda yake kufikia saa kumi kasoro dakika kumi jioni. Kuanzia dakika hiyo soko hutangaza pengo: hisa kadhaa zinatafuta mnunuzi, au zinatafuta muuzaji. Baada ya hapo, oda mpya za namna hiyo zinazokubaliwa kwa kawaida ni za kuziba pengo lililotangazwa. Umati una dakika kumi za kujibu kabla ya kengele.

Nairobi imechagua kutoegemea dakika za mwisho. Bei ya kufunga ya kule ni wastani wa bei za siku, kila bei ikipewa uzito wa wingi wa hisa zilizouzwa kwayo. Kwa soko ambalo hisa nyingi huuzwa mara chache kwa siku, nauona uamuzi huo kuwa wa busara. Mnada unahitaji umati, na pasipo umati jioni, oda mbili tatu zingetosha kuisukuma bei popote. Wastani una gharama yake pia. Habari kubwa ikitoka saa nane mchana, saa moja kabla ya soko kufunga, bei iliyochapishwa jioni bado imebeba biashara zote za asubuhi zilizofanyika kabla ya mtu yeyote kuijua habari hiyo. Anayesoma kwamba hisa imeshuka kwa asilimia 3 huenda asijue kwamba biashara za mwisho zilifanyika kwa asilimia 6 chini, na atashangaa asubuhi inayofuata.

Kwa soko lenye mnada, bei ya kufunga iliyopinda huacha alama. Linganisha bei hiyo na bei ya dakika ya mwisho ya biashara ya mfululizo: zikipishana sana bila habari yoyote, kuna mtu mmoja au wachache walioisukuma. Angalia wingi wa hisa zilizouzwa katika mnada: bei iliyoruka kwa hisa chache haina uzito wa bei iliyoruka kwa mamilioni. Kisha ngoja mnada wa asubuhi. Umati uliokosa nafasi jioni unakuwa umepata usiku mzima, na bei ya kufungulia ikirudi karibu na ilipokuwa kabla ya mnada wa jioni, ile ya kufunga ilikuwa bei ya haraka ya mtu fulani.

Mwenye hisa wa kawaida huguswa na haya kupitia sehemu moja ya fomu ya oda, ile inayouliza bei. Katika mfano wetu wa sekunde mbili, wale wauzaji wa awali wa hisa 200 waliosema bei yoyote walikuwa wakitazama 101 kwenye ubao, wakauziwa kwa 97, na kwa pamoja wakapoteza shilingi 800. Walioandika wasiuziwe chini ya 99 hawakuuza hisa hata moja jioni hiyo. Oda zao zilirudishwa, na wakaweza kuziweka tena katika mnada wa asubuhi.